Swali la hisa: kutoka kuuza mara moja hadi bila kikomo

Nilipokuwa najiandaa kwa usaili wa kazi ya kuandika programu, swali nililolikalia muda mrefu ni hili la hisa. Unapewa bei za hisa siku baada ya siku. Ukiruhusiwa kununua mara moja tu na kuuza mara moja, faida kubwa kabisa ni ipi?

Niliandika bei hizi kwenye karatasi: 9, 3, 6, 5, 8, 2. Kutoa ya chini kwenye ya juu kunaleta 7, ila 9 ni ya siku ya kwanza na 2 ni ya mwisho, na huwezi kuuza usichonunua. Kulinganisha kila siku na zote zinazofuata kunaleta jibu sahihi, lakini bei zikiwa 100,000 jozi zinakaribia bilioni 5.

Mambo yalifunguka nilipoligeuza swali: nikiuza leo, bora ningekuwa nimenunua kwa bei gani? Kwa bei ya chini kabisa iliyokwishapita. Basi inatosha kuikumbuka namba hiyo moja huku ukisonga mbele:

```python
chini, faida = bei[0], 0
for b in bei:
    faida = max(faida, b - chini)
    chini = min(chini, b)
```

Kwa bei zangu jibu ni 5, yaani kununua kwa 3 na kuuza kwa 8. Bei zikishuka tu mwanzo hadi mwisho, faida inabaki 0.

Kisha kikomo kinaondolewa: nunua na uuze utakavyo, mradi usishike zaidi ya hisa moja kwa wakati. Nilidhani hapa ndipo pagumu, kumbe ni rahisi kuliko mwanzo. Kutoka 3 hadi 8 ni kupanda 3, kushuka 1, kisha kupanda 3. Safari yoyote ya kununua na kuuza ni jumla ya hatua za siku moja moja, kwa hiyo chukua zinazopanda na uziache zinazoshuka:

```python
faida = sum(max(0, b - a) for a, b in zip(bei, bei[1:]))
```

Inatoka 6. Wapo wanaohangaika kutafuta mabonde na vilele. Jibu lao ni hilohilo, ila msimbo wao ni mrefu bure.

Msaili anaweza kuongeza ada, tuseme 2 kwa kila mauzo. Hapo mbinu ya kuokota kila hatua inavunjika: mauzo mawili ya faida 3 yanabakiza 2, wakati uuzaji mmoja kutoka 3 hadi 8 unabakiza 3. Nilichofanya ni kubeba namba mbili kila siku, salio bora nikiwa na hisa mkononi na salio bora nikiwa sina, na kila moja inatokana na zile za jana. Ukiweka ada kuwa 0, inarudi 6 ileile, na ndivyo nilivyoihakiki.