Nani Aliyechelewa Kulipa? Jinsi Ninavyoondoa Utata katika Maelezo ya Mashahidi

Mimi ni karani wa kamati ndogo inayosuluhisha migogoro ya wafanyabiashara wa nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Mahindi na maharage huvuka mpaka kila siku, na pamoja nayo huvuka ugomvi wa madeni, wa vipimo na wa magunia yaliyolowa njiani. Kwa kuwa wanaogombana hutoka pande zote mbili za mpaka na lugha zao za nyumbani ni tofauti, maelezo yao huandikwa kwa Kiswahili, husomwa mbele yao, kisha hutiwa saini. Sentensi yenye maana mbili ikishatiwa saini, kila upande huondoka na maana yake, na kikao kinachofuata hugeuka kuwa ugomvi juu ya karatasi badala ya mahindi.

Nitaeleza sentensi moja niliyokabidhiwa ikiwa imekwisha kuandikwa na mtu mwingine, kwa sababu ndani yake yamo karibu matatizo yote ninayokutana nayo:

«Baada ya kufika mpakani, mzigo ulipimwa na mchuuzi akamweleza dereva kwamba mtoto wa dalali aliyechelewa kulipa amechukua pesa zake.»

Ukiisoma haraka, unaielewa. Shida ni kwamba jirani yako naye anaielewa, lakini kwa namna nyingine.

Kabla ya kuigusa, niseme ni kwa nini utata wa Kiswahili hukaa mahali fulani na si pengine. Ngeli zetu zinabeba kazi kubwa ya kuonyesha kinachorejelewa. Nikiandika «Lori liligonga mti likaanguka», kilichoanguka ni lori. Nikiandika «Lori liligonga mti ukaanguka», ni mti. Herufi chache tu zimemaliza ubishi. Msaada huo hutoweka pale ambapo nomino mbili za ngeli moja zinakutana katika sentensi moja, hasa watu wawili wa ngeli ya A-WA, kwa maana wote wawili wanagombea kiambishi kilekile. Kwa hiyo ninapohariri sipotezi muda kukagua kila neno. Natafuta kwanza nomino zinazofanana ngeli na idadi, na hapo ndipo ninapoweka kalamu.

Katika sentensi ile, mchuuzi, dereva, mtoto na dalali wote ni A-WA na wote ni umoja. Nilichukua kalamu ya risasi nikazungushia duara kila kiambishi cha mtu na kila neno la kumiliki, kisha juu ya kila duara nikaandika jina la mtu anayetajwa. Penye nafasi ya kuandika majina mawili, naandika yote mawili bila kuchagua. Neno «aliyechelewa» lilipata majina mawili, mtoto na dalali, kwa sababu kirejeshi «-ye-» kinawafaa wote sawasawa. Neno «zake» lilipata majina manne, maana pesa zingeweza kuwa za mchuuzi, za dereva, za dalali au hata za mtoto mwenyewe. Mbili mara nne ni nane, na bado sijafika mwanzo wa sentensi.

Mwanzo huo, «Baada ya kufika mpakani», ni kishazi kisicho na mwenyewe. Kitenzi «kufika» hakina kiambishi cha nafsi, kwa hiyo msomaji humtafuta mtendaji katika nomino ya kwanza anayokutana nayo mbele, ambayo hapa ni mzigo. Pengine ni kweli kwamba mzigo ndio uliofika. Lakini katika shauri hili swali la nani alikuwapo mpakani wakati wa kupima lilikuwa ndilo kiini cha ugomvi, na haifai kuliacha lining'inie.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao wengi huupita: neno «na» katika «ulipimwa na mchuuzi akamweleza». Jicho linalotangulia husoma kwamba mchuuzi ndiye aliyepima, kwa sababu baada ya kitenzi cha kutendwa tumezoea «na» ya kumtaja mtendaji. Linapofika «akamweleza» ndipo linagundua kwamba huenda ile «na» ilikuwa ya kuunganisha. Koma kabla ya «na» husaidia, lakini nukta husaidia zaidi.

Majina yale niliyoandika juu ya duara hayakuweza kufutwa kwa kukisia, kwa hiyo nilimrudia mchuuzi mwenyewe, mama wa makamo aliyekuwa bado yupo sokoni.

«Mama, aliyechelewa kulipa ni nani, dalali au mtoto wake?»

«Dalali, mwanangu. Mtoto ana deni gani na mimi? Mtoto ndiye aliyezibeba pesa.»

«Na pesa ni zako au za dereva?»

«Zangu. Dereva alikwisha kulipwa.»

Nikamuuliza pia kuhusu mpakani, akasema yeye ndiye aliyefika, na kwamba mizani ilishikwa na mtu mwingine. Nikaandika upya hivi:

«Mchuuzi alipofika mpakani, mzigo ulipimwa. Kisha mchuuzi alimwambia dereva: ‹Dalali amechelewa kunilipa, na mtoto wake amechukua pesa zangu.›»

Badiliko la kwanza ni kutoka «baada ya kufika» kwenda «mchuuzi alipofika». Muundo wa «-po-» hukulazimisha kuweka kiambishi cha nafsi, na ukishakiweka huna budi kujua ni cha nani. Kwa sababu hiyo nina tabia ya kushuku kila «baada ya ku-», «kabla ya ku-» na «kwa ku-» iliyo mwanzoni mwa sentensi. «Kabla ya kulipa, magunia hayakushushwa» ni sentensi ya kawaida kabisa masikioni, lakini haisemi nani alipaswa kulipa, na magunia hayalipi.

Badiliko la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote: usemi halisi. Katika usemi wa taarifa, «-angu», «-ako» na «-ake» za mazungumzo mara nyingi huishia kuwa «-ake» moja, na hapo ndipo watu wanne wanapopotelea. Ukirudisha maneno ya msemaji kama yalivyotoka kinywani, mchuuzi anakuwa «-angu», dereva anayeambiwa anakuwa «-ako», na «-ake» inabaki kwa yule asiyekuwapo. Ndiyo maana «mtoto wake» katika sentensi mpya hakuna anayemgombania: kama angekuwa mtoto wa dereva, mchuuzi angesema «mtoto wako».

Wapo wajumbe wasiopenda mazungumzo katika maelezo rasmi, nao wakishika msimamo huo, naandika: «Mchuuzi alimweleza dereva kwamba dalali alikuwa amechelewa kumlipa mchuuzi, na kwamba mtoto wa dalali huyo alikuwa amechukua pesa za mchuuzi.» Ni nzito, na neno «mchuuzi» limerudiwa mara tatu. Shuleni tulifundishwa kukwepa kurudiarudia, nami nakubali katika insha, lakini katika maelezo ya shauri heri sentensi nzito yenye maana moja. Yeyote anayebadilisha «mchuuzi» wa pili kuwa «mama huyo» na wa tatu kuwa «mfanyabiashara» ili kupendezesha, anamfanya msomaji ahesabu watu watatu.

Kuhusu kirejeshi, «mtoto wa dalali aliyechelewa» hakitengenezeki kwa kubadilisha «aliyechelewa» kuwa «ambaye alichelewa». Hilo hurefusha utata tu. Kinachosaidia ni kuvunja sentensi, au kutumia tofauti ya idadi au ngeli pale inapokuwapo. «Watoto wa dalali waliochelewa» ni watoto. «Watoto wa dalali aliyechelewa», dalali. Vivyo hivyo «mzigo wa dalali uliochelewa» hauna ubishi. Lakini «risiti ya kampuni iliyopotea» inarudi palepale, kwa kuwa risiti na kampuni zote ni I-ZI, ingawa hapo akili ya kawaida humwokoa msomaji, maana kampuni hazipotei ovyo.

Nilipoanza kuwaelekeza makarani wengine niliona wanaogopa mno kishazi cha «-ki-». «Gunia liliniangukia nikishuka kwenye lori» haina kosa lolote: anayeshuka ni mimi, anayeangukiwa ni mimi, na viambishi vyote viwili vinasema hivyo. Hatari huja wakiwapo watu wawili wa nafsi ya tatu. «Mlinzi alimwona kuli akitoka ghalani» wengi wataelewa kwamba kuli ndiye aliyetoka, lakini mlinzi aliyekuwa akitoka naye angeweza kuandikiwa hivyohivyo. Kama ni mlinzi, naanza na «Mlinzi alipokuwa akitoka ghalani, alimwona kuli». Kama ni kuli, naandika «Mlinzi alimwona kuli, naye kuli alikuwa akitoka ghalani». Na kama makuli walikuwa wengi, «aliwaona makuli wakitoka» inajitosheleza.

Hapa Uganda tuna ugumu wetu wa ziada. Kiswahili cha mitaani hupenda kusukuma karibu kila kitu kwenye ngeli moja: «lori iligonga ukuta ikaanguka». Hapo ile faida ya ngeli imeliwa, na hujui tena kilichoanguka. Shahidi akisema hivyo, siwezi kusahihisha upatanisho kimyakimya, kwa sababu nikiandika «likaanguka» nimeamua ni lori, nikiandika «ukaanguka» nimeamua ni ukuta. Lazima niulize kwanza.

Kwa mifugo mambo hugeuka. Katika Luganda ng'ombe hachanganyiki na binadamu katika upatanisho. Ana kiambishi chake cha «e-». Ndiyo maana wengi husema «Mkulima aliuza ng'ombe kwa sababu ilikuwa mgonjwa», nasi tukiwa wasimamizi wa sarufi tunasahihisha kuwa «alikuwa mgonjwa». Sarufi imenyooka, lakini sasa hatujui kama aliyeugua ni mkulima aliyehitaji fedha za matibabu, au ng'ombe. Ukisahihisha kiambishi hicho, malizia kazi kwa kurudisha nomino: «kwa sababu ng'ombe huyo alikuwa mgonjwa».

Si kila «a-» inayostahili kufuatiliwa. Penye mtu mmoja tu katika aya, viambishi vinatosha, na kumrudia kwa jina kila mara huchosha na hata hutia shaka kwamba yupo mwingine.

Inapotokea kwamba shahidi amekwisha kuondoka na hapatikani kwa simu, nayaacha maneno yake ndani ya alama za kunukuu yalivyo, na pembeni naandika: «Haijulikani anayetajwa kwa ‹zake› ni mchuuzi au dereva, aulizwe.» Mwenyekiti huanza kikao na swali hilo kabla ya jingine lolote.