Kikao cha Nyuyoki na Singapuri: usiku wa zamu

Tatizo: kikao cha kila wiki kilipangwa saa 2 asubuhi ya Nyuyoki, yaani saa 2 usiku Singapuri. Wa Singapuri ndio waliokesha kila mara.

Dawa ni vikao viwili kwenye kalenda, kila kimoja kikijirudia baada ya wiki mbili, kwa kupishana. Cha kwanza Jumatano saa 2 usiku Singapuri. Cha pili Jumanne saa 2 usiku Nyuyoki, ambapo Singapuri tayari ni Jumatano asubuhi. Usikiweke Jumatatu asubuhi ya Singapuri, utakula Jumapili ya wenzako.

Penye mtego ni Novemba. Nyuyoki hurudisha saa nyuma, Singapuri haibadilishi kamwe. Kikao cha kwanza kikisajiliwa kwa saa za Nyuyoki, Singapuri wataburuzwa hadi saa 3 usiku. Kwa hiyo kila kikao kifungwe kwenye saa za anayekesha: `Asia/Singapore` kwa cha kwanza, `America/New_York` kwa cha pili. Anayeyumbishwa ni wa asubuhi tu: Nyuyoki saa 1, Singapuri saa 3.

Kikao kikiahirishwa, zamu haifutwi. Aliyekuwa akeshe hukesha wiki inayofuata.