Makopo mawili, tofauti ileile

Kunguru wa shambani kwetu Unguja hawakai karibu. Nikivuka mita 30 na bunduki yangu ya upepo, ya milimita 4.5, risasi nyingine zilishuka chini ya alama bila sababu niliyoiona. Nikaazima kronografu, chombo cha kupima mwendo wa risasi, nikapima makopo mawili ya risasi za uzito mmoja.

Chombo chenyewe kina vitambuzi viwili vya mwanga. Risasi ikitupa kivuli kwenye cha kwanza na cha pili, saa ya ndani huhesabu muda uliopita kati yake. Kwa vitambuzi vilivyo sentimita 30 mbali, mwendo wa mita 240 kwa sekunde ni milisekunde 1.25 tu, kwa hiyo kivuli kibovu kinaharibu namba. Jua la mchana nililizuia kwa karatasi nyeupe juu, na mdomo wa bunduki nikauweka kiasi cha mita moja nyuma. Nilipiga kadhaa kwanza bila kuandika, maana bunduki ya springi haitulii mara tu baada ya kutiwa mafuta.

Mpwa wangu aliandika. Kopo la kwanza: 240, 241, 239, 240, 240, 241, 239, 240, 240, 228. La pili: 234, 247, 236, 245, 240, 238, 243, 246, 235, 241.

"Mjomba, yote ES 13," akaniambia.

Kweli. ES ni namba kubwa kutoa ndogo, hivyo inasimama juu ya risasi mbili tu, nyingine nane hazina sauti. SD, yaani mkengeuko sanifu, inazihesabu zote: la kwanza 3.9, la pili 4.7. Hapo nusura nione makopo yanakaribiana. Lakini ondoa ile 228 na la kwanza linabaki na SD ya 0.7. Kopo la pili huna wa kumtoa, limetawanyika lote.

Kuifuta 228 hivihivi ni kujidanganya, ingawa ingeweza kuwa wingu au kosa la chombo. Nikazimwaga risasi zilizobaki kwenye kitambaa na kuzitazama moja moja. Chache zilikuwa zimebonyea ukingo wa nyuma, ule mwembamba unaoziba upepo ndani ya mtutu. Nilizipiga peke yake na zote zikaenda polepole, karibu na ileile 228. Upepo ulikuwa unavuja.

Kwa mita 30, upungufu huo wa mita 12 kwa sekunde unashusha risasi karibu sentimita moja zaidi, na sehemu ya kulenga kwenye kunguru ni ndogo.

Siku hizi nachambua kopo la kwanza kabla ya kulitumia. La pili nimemwachia mpwa wangu, apigie makopo matupu mita 10. SD ya risasi kumi bado inayumba, kwa hiyo kila kopo jipya nalipima mafungu mawili. Yakipishana sana, naongeza la tatu.