Zamu ya 4,317

Jumamosi iliyopita usiku, baridi ya Mbeya ikiwa imenikalisha na blanketi magotini, nilibomoa mnara wa mwisho wa mwenzangu aliyeko Iringa, nikampigia simu kumpa pole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mnara wangu umesimama. Ni wewe ambaye huna jeshi." Kwenye skrini yangu askari wangu 112 walikuwa wamezunguka magofu. Kwenye skrini yake askari hao walikuwa wamekwisha kufa. Wote wawili tulikuwa tumeshinda mechi ileile.

Naandika jinsi tulivyolitafuta kosa hilo kwa siku tano, kwa sababu sababu yenyewe ilikuwa mahali ambapo nisingewahi kupatazama, na nataka nikumbuke njia tuliyopita.

Mchezo wetu ni wa vita vya mikakati, na una askari wengi: majeshi mawili ya watu 300 kila moja si jambo la ajabu. Kama kila kompyuta ingemtumia mwenzake mahali alipo kila askari, kwa baiti nane tu kwa askari na mara kumi kwa sekunde, tungetuma baiti 48,000 kila sekunde, na bando la mtu lingeisha kabla ya vita. Kwa hiyo tulichagua njia ya zamani, ile iliyouwezesha Age of Empires mwaka 1997 kuchezwa kwa modemu za simu: hatutumi hali ya dunia, tunatuma amri peke yake. Nikiwaamuru askari 40 wavuke mto, kinachosafiri kwenda Iringa ni amri hiyo moja yenye baiti zisizozidi ishirini. Kila kompyuta inauendesha mchezo mzima yenyewe, zamu kumi kwa sekunde, na amri iliyotolewa sasa inatekelezwa zamu tatu baadaye pande zote mbili, ili ipate muda wa kufika. Hakuna kompyuta inayoingia zamu mpya kabla ya kupata amri za mwenzake za zamu hiyo. Zinatembea bega kwa bega.

Sharti la mpango huu ni moja, nalo halina huruma: hali ileile ikipewa amri zilezile lazima izae hali ileile, hadi biti ya mwisho. Askari mmoja akitofautiana kwa unywele, zamu inayofuata atafika kwa adui mapema kidogo, atapiga wa kwanza, na baada ya dakika moja kuna dunia mbili ambazo hazifanani tena. Wala mtandao hauwezi kuzipatanisha, kwa kuwa hali ya dunia haisafiri.

Jumapili tuliongeza kitu ambacho tulipaswa kuwa nacho tangu siku ya kwanza. Mwisho wa kila zamu kila kompyuta inaikokotolea heshi hali yote ya mchezo (mahali, uhai, mwelekeo, na mbegu ya namba za bahati) na kuituma pamoja na amri. Heshi ni namba fupi ya kuihakiki hali hiyo, baiti nne tu. Zikitofautiana, mchezo unasimama palepale na kutaja zamu. Tukaliendesha rekodi la mechi ya Jumamosi, maana amri zote zilikuwa zimehifadhiwa, na hii ndiyo faida kubwa ya mpango huu: kosa halihitaji wachezaji wawili walirudie, linahitaji faili moja na kompyuta mbili. Jibu lilikuwa zamu ya 4,317, yaani dakika saba na sekunde kumi na moja baada ya kuanza. Sisi tuliona tofauti dakika ya thelathini.

Heshi inakuambia lini, haikuambii nini. Kwa hiyo tukaandika hali ya kila askari kwenye faili, mstari mmoja kwa kila askari, kwa zamu ya 4,316 na 4,317 pekee, kila upande. Mwenzangu akanitumia faili lake, nikayalinganisha kwa `diff`. Zamu ya 4,316 mafaili yalifanana kabisa. Zamu ya 4,317 mistari 24 ilitofautiana, na yote ilikuwa ya safu moja ya wapiga mishale niliyoiamuru kwenda miraba 30 mashariki na 40 kaskazini. Mahali palikuwa sawa. Kilichotofautiana ni mwelekeo: kwangu walitazama mbele, kwake walikuwa wamegeuka nyuzi mbili kushoto.

Hapo nilijua nimekosea kitu, ila sikujua ni kipi. Mahali pa askari tulipahifadhi kwa namba kamili tangu mwanzo, tukijua hatari ya namba za nukta elea, yaani `float`, ambazo kompyuta huzikadiria. Mwelekeo niliuacha kwenye `float` kwa sababu wakati huo ulitumika kuchora picha tu. Wiki mbili zilizopita niliandika msimbo wa safu, ambao unamgeuza askari polepole mpaka alingane na kiongozi wake, na mpiga mishale hapigi kabla hajaelekea shabaha. Mwelekeo ukaingia vitani bila mimi kuutambua. Mistari yenyewe ni hii:

```c
float m = a.x * b.y - a.y * b.x;
if (m > 0.0f)      geuza_kushoto(u);
else if (m < 0.0f) geuza_kulia(u);
```

Hapa `a` ni mwelekeo wa askari na `b` ni wa kiongozi. Ikiwa askari ameshalingana na kiongozi, `a` na `b` ni namba zilezile, kwa hiyo mazao mawili ni yaleyale na tofauti yao ni sifuri. Katika zamu hiyo wote walikuwa na 0.6 na 0.8. Sifuri haina mjadala. Nilichapa `m` kwa `%f` pande zote mbili, na pande zote mbili ikatoka `0.000000`, ilhali Iringa askari aligeuka kushoto, jambo linalowezekana tu ikiwa `m` ni kubwa kuliko sifuri.

Jumatatu yote iliishia hapo. Jumanne nikaamua kuyachapa mazao mawili kila moja peke yake, nione ni lipi linalotofautiana. Mwenzangu akaendesha, kosa likatoweka. Nikaondoa mistari ya kuchapa, kosa likarudi. Akajaribu bila `-O2`, bendera inayoiambia kompaila iharakishe programu, likatoweka tena. Nakiri kwamba usiku ule nilishuku hata kumbukumbu ya kompyuta yake.

Kilichotufungua macho ni kuacha kuamini `%f`, ambayo inaonyesha tarakimu sita tu baada ya nukta, na kuchapa biti zenyewe kwa `%08x`. Kwangu `m` ilikuwa `00000000`. Kwake ilikuwa `31f5c290`. Hiyo ni takriban 0.00000000715: ndogo mno, lakini si sifuri, na alama ya `>` haijali udogo.

Tukafungua programu zote mbili kwa `objdump -d`, tuone maagizo ambayo kompaila iliyaandikia prosesa. Mimi natumia laptopu ya x86-64, yeye Raspberry Pi 4 yenye mfumo wa biti 64, na wote tunatumia kompaila ya GCC. Kwangu kulikuwa na maagizo matatu: `mulss`, `mulss`, `subss`. Kwake kulikuwa na mawili: `fmul`, kisha `fnmsub`. Agizo hilo la pili linazidisha na kutoa kwa mkupuo mmoja, na linakadiria mara moja tu, mwishoni.

Nilipomweleza mdogo wangu nilitumia kikokotoo cha kufikirika chenye tarakimu tatu tu. Zidisha 1.23 kwa 4.56: jibu kamili ni 5.6088, lakini kikokotoo kinaandika 5.61. Ukizidisha mara mbili kisha ukatoa, unapata 5.61 kutoa 5.61, nayo ni sifuri. Lakini ukizidisha mara ya pili bila kukadiria na kutoa papo hapo, unapata 5.6088 kutoa 5.61, na inabaki −0.0012. Hicho kilichobaki ni mabaki ya ukadiriaji wa zao la kwanza. Kwa 0.6 na 0.8 za `float`, mabaki ni ile 0.00000000715.

Kompyuta ya Iringa haikukosea. Zao lake moja halikukadiriwa, kwa hiyo liko karibu zaidi na ukweli kuliko langu; lile jingine ni sawa na langu. Wala kompaila haikukosea. Kwa kawaida GCC inaruhusiwa kuunganisha kuzidisha na kujumlisha pale prosesa ina agizo hilo. Kila prosesa ya ARM ya biti 64 inalo, ilhali x86-64 ya msingi haina, kwa hiyo kwangu hapakuwa na cha kuunganisha. Na kuchapa kuliliua kosa kwa sababu zao linalohitajika pia mahali pengine lazima likokotolewe peke yake, hivyo kompaila ikaacha kuunganisha. Hata kuchelewa hadi zamu ya 4,317 kulieleweka: safu za mwanzo zilikwenda sambamba na kingo za ramani, ambako mwelekeo ni 1 na 0, na mazao ya namba hizo hayana mabaki yoyote. Ile ilikuwa safu ya kwanza kwenda mshazari.

Jumatano tukaweka `-ffp-contract=off` pande zote mbili, na rekodi lote la mechi likapita bila heshi hata moja kutofautiana. Mwenzangu alitaka tuishie hapo. Mimi nilikataa, na bado naamini nilikuwa sahihi. Bendera hiyo inazuia kuunganisha tu. Kiwango cha IEEE 754 kinadai kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kipeuo cha pili vikadiriwe kwa namna moja kila mahali, lakini hakidai hivyo kwa `sinf` na `cosf`, na maktaba mbili zinaweza kutoa majibu yanayoachana katika biti ya mwisho. Siku nitakapohitaji duara kwenye msimbo wa vita, tutarudi tulikotoka. Isitoshe, mtu yeyote akijenga mchezo na kusahau bendera, hakuna kitakachomwonya.

Kwa hiyo mwelekeo nao umehamia kwenye namba kamili: 1 imekuwa 65,536, 0.6 imekuwa 39,322, na 0.8 imekuwa 52,429. Kuzidisha kunafanyika kwenye biti 64 ili zao lisifurike, na zao la namba kamili halikadiriwi, kwa hiyo sifuri ni sifuri Mbeya na Iringa. `float` imebaki upande wa kuchora, na msimbo wa kuchora hauruhusiwi kuandika chochote kwenye hali ya mchezo.

Rekodi za zamani hazifai tena kwa toleo jipya, kwani hesabu zimebadilika na askari hawaishii palepale. Tumezifuta zote isipokuwa ile ya Jumamosi, ambayo tumeihifadhi pamoja na toleo lake la zamani. Amri zake tumezipitisha kwenye toleo jipya, kwangu na kwake, na leo alfajiri amenitumia heshi yake ya zamu ya 4,317. Nimeisoma tarakimu moja moja nikiilinganisha na yangu.