Konveya ao roboti kwa depo: nilivyokata hesabu

Depo yetu ya vipuri hapa Lubumbashi, muuzaji wa konveya alisema dola 60.000 zitarudi kwa miaka 4 na kidogo. Njo nikafungua hesabu yake: mishahara tutakayookoa 12.000 kwa mwaka, toa 4.000 za mazuti ya jenereta na matengenezo, inabaki 8.000, kumbe alipandisha oda, na akiba ya mishahara pamoja nazo, 25% kila mwaka! Daftari letu linaonyesha 5%. Nikaweka 5, ikatoka miaka 6 na zaidi, na mkataba wa depo unaisha baada ya 5, konveya ikishafungwa chini kuihamisha ni gharama kubwa. Kwa sasa filta na beringi zinazotoka sana tumezisogeza karibu na meza ya kufunga. Oda zikifika mara mbili tutapima roboti, juu zinaongezwa moja moja na zinahama na sisi.