Pini iliyodondoka: nilivyojifunza kukokotoa tundu la pini ya kubana

Tuligeuza plati la jigi juu chini ili tusafishe chenga, na pini moja ikadondoka sakafuni. Ilikuwa imekaa tunduni kwa siku mbili tu. Jigi lilikuwa la kutobolea flenji za pampu, na kazi ya zile pini mbili ilikuwa kushika flenji mahali pamoja kila mara. Pini ikitikisika, matundu ya bolti yanakwenda upogo.

Fundi mkubwa aliiokota, akaizungusha vidoleni, akaniuliza, "Kijana, ulitoa nini kwenye nini?"

Nikamwonyesha daftari. Mchoro ulitaka mbano usiopungua milimita 0.005 wala kuzidi 0.025. Mbano maana yake ni kiasi ambacho kipenyo cha pini kimezidi kipenyo cha tundu kabla hujaigandamiza. Pini zenyewe zilikuwa za milimita 8, chuma kigumu, daraja m6, yaani alama ya mipaka ya kipenyo chake. Hapo ndipo watu wengi huteleza, maana kwenye pakiti imeandikwa 8, lakini m6 kwa saizi hiyo ni kuanzia 8.006 hadi 8.015. Pini ya 8 kamili haimo kabisa kwenye daraja hilo.

Hilo nilikuwa nalijua. Kosa langu lilikuwa jingine. Nilichukua pini kubwa, 8.015, nikatoa mbano mdogo, 0.005, nikapata tundu kubwa la 8.010. Kisha nikachukua pini ndogo, 8.006, nikatoa mbano mkubwa, 0.025, nikapata tundu dogo la 7.981. Nikajiona nina nafasi pana ya karibu maikroni 30, yaani milimita 0.030, na nikafurahi sana.

"Sasa chukua pini ndogo uitie kwenye tundu lako kubwa," mzee akasema.

Pini ya 8.006 kwenye tundu la 8.010. Ingeingia kwa kidole na kutoka kwa kidole. Akasema nigeuze upande wa pili: pini ya 8.015 kwenye tundu la 7.981. Mbano wa 0.034, maikroni tisa zaidi ya ulioruhusiwa. Nilikuwa nimeoanisha vipimo kinyume.

Namna ya kufikiri ni kumtafuta mkorofi wa kila upande. Nani ataleta ulegevu? Ni pini ndogo kuliko zote ikikutana na tundu kubwa kuliko yote. Basi hao wawili ndio wanaotakiwa kutimiza mbano mdogo. Nani ataleta kukaza kupita kiasi? Pini kubwa ikikutana na tundu dogo, na hao ndio wasiovuka mbano mkubwa. Kwa hiyo:

```
tundu_kubwa = pini_ndogo - mbano_mdogo  = 8.006 - 0.005 = 8.001
tundu_dogo  = pini_kubwa - mbano_mkubwa = 8.015 - 0.025 = 7.990
```

Nafasi ya kweli ilikuwa maikroni 11, si 29. Tangu siku ile nina kipimo cha haraka cha kujisahihisha: upana wa nafasi ya tundu ni upana wa mbano ulioruhusiwa ukitoa upana wa pini. Hapa ni 20 kutoa 9, sawa na 11. Jibu likizidi upana wa mbano wenyewe, kama langu la kwanza, umeoanisha vibaya na huna haja ya kuendelea.

Baada ya hesabu likaja suala la rima, kifaa cha kumalizia tundu lililotobolewa ili lifike saizi yake. Nilikuwa nimetumia rima ya kawaida ya 8 H7 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye droo. Daraja H7 kwa milimita 8 linaruhusu tundu kuanzia 8.000 hadi 8.015, na anayetengeneza rima huiweka upande wa juu wa nafasi hiyo kusudi idumu inapolika. Matundu yangu yalipopimwa kwa geji ya saa yalikuwa 8.009 na 8.010. Pini iliyodondoka ilisoma 8.010 kwenye maikromita. Haikuwa na mbano wowote. Siku zile mbili ilishikwa na mafuta na bahati.

Tukaagiza rima ya 7.99. Rima za aina hii zinauzwa kwa hatua za sehemu moja ya mia ya milimita, na yetu ilikuja ikiruhusiwa kuzidi saizi yake kwa sifuri hadi maikroni 5. Rima pia hukata tundu kubwa kidogo kuliko yenyewe, na kiasi hicho hukikuti kwenye jedwali, kinategemea mashine, mafuta na chuma chenyewe. Kwa hiyo kabla ya kugusa plati jipya nilichukua kipande cha chuma kilekile, nikakitoboa kwa drili ya 7.8, nikapiga rima taratibu kwa mafuta mengi. Matundu matatu ya majaribio yalisoma 7.996, 7.997 na 7.996. Yalikaa ndani ya 7.990 na 8.001, yakibakiza maikroni 4 juu. Kama yangesoma 8.003 nisingeligusa plati, ningerudi kuangalia kama rima inayumba kwenye chaki ya mashine inayoishika.

Hapo maikromita inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita haisaidii kitu, maana alama yake moja inakaribia kumeza nafasi yote. Inatakiwa inayosoma sehemu moja ya elfu. Na uiache pini mezani pamoja na plati mpaka joto lao lilingane. Chuma kwa chuma vinatanuka pamoja, hivyo joto la Dar lenyewe halibadilishi mbano. Linalobadilisha ni pini iliyotoka mfukoni ikapimwa kwenye plati la baridi.

Pini za jigi jipya ziliingia kwa presi ya mkono, baada ya kuchanfua mdomo wa tundu, yaani kuukata ukingo wake mshazari, na kupaka mafuta mepesi. Zilikaza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Ikiingia kwa urahisi nusu njia kisha ikagoma ghafla, simamisha, maana ama imeingia upande, ama tundu limebana chini.

Miezi kadhaa baadaye ukaja mchoro mwingine, pini zilezile, ila mbano ulitakiwa kati ya 0.010 na 0.020. Nikapiga kile kipimo changu: 10 kutoa 9, nafasi ya tundu ni maikroni 1. Karakana yetu haina mashine ya kutoa tundu la namna hiyo, na rima ndiyo kabisa. Nikamwaga boksi zima mezani nikapima pini moja moja. Zote 40 zilikuwa kati ya 8.010 na 8.013. Kiwango kinaruhusu maikroni 9, lakini boksi hili lilitumia 3 tu, basi nikakokotoa kwa vipimo vya boksi:

```
tundu_kubwa = 8.010 - 0.010 = 8.000
tundu_dogo  = 8.013 - 0.020 = 7.993
```

Nafasi ikawa maikroni 7, na rima ileile ya 7.99, iliyokuwa ikitoa 7.996 na 7.997, ikatosha.

Mteja nilimwambia wazi gharama ya ujanja huo. Siku pini ikivunjika, asinunue nyingine yoyote ya 8 m6 dukani akaigandamiza, kwa sababu pini ya 8.006 kwenye tundu la 7.997 ina mbano wa 0.009, chini ya alichotaka. Tulifunga pini sita za boksi lile kwenye mfuko, nikaandika 8.010–8.013 kwa kalamu ya wino, tukaufunga kwa waya kwenye mkono wa jigi.