Ukurasa wa majina

Chama chetu cha Mombasa kilitaka kununua hisa za kiwanda fulani kilichoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, nami nikakabidhiwa ripoti ya mwaka niipitie. Mweka hazina alikuwa ameshasoma maoni ya mkaguzi akaridhika. "Maoni ni safi, ndugu yangu, tununue."

Kwenye PDF nilitafuta `Corporate Information`. Huo ndio ukurasa wenye majina ya wakurugenzi, katibu wa kampuni, wakaguzi wa hesabu, mabenki na mawakili. Mara nyingi huwa mwanzoni, lakini baadhi ya kampuni huusukuma hadi nyuma kabisa, na usipouona, tafuta neno `Bankers`. Ukurasa huo peke yake hausemi mengi, kwa hiyo niliuweka kando ya ule wa mwaka uliotangulia. Mabenki yalikuwa yaleyale. Mkaguzi alikuwa mpya, jambo ambalo laweza kuwa zamu tu ya kubadilisha wakaguzi. Kampuni ya mawakili ilikuwa imeongezwa moja.

Jina la benki kwenye orodha hiyo halikuambii kama kampuni imeweka pesa huko au imekopa. Jibu liko kwenye maelezo ya mikopo, nyuma ya hesabu. Huko nikakuta mkopo wa milioni 480, uliodhaminiwa kwa mali yote ya kiwanda, umehamishwa wote kwenye madeni ya kulipwa ndani ya miezi 12. Awali ulikuwa wa miaka kadhaa. Sababu ilikuwa sentensi moja: kampuni ilishindwa kutimiza kiwango cha faida ikilinganishwa na riba ilichoahidi benki, na hilo humpa mkopeshaji haki ya kudai mkopo wote mara moja. Fedha taslimu zilikuwa milioni 60.

Nilirudi kwa mkaguzi. Maoni yalikuwa safi kweli, maana hesabu zilionyesha hali ilivyo. Lakini chini yake palikuwa na aya yenye kichwa `Material Uncertainty Related to Going Concern`, yaani kuna shaka kubwa kama kampuni itaendelea na biashara. Aya hiyo haibadilishi maoni, ndiyo maana huwapita wengi.

Wale mawakili wapya niliwafuatilia kwenye maelezo ya madeni yanayoweza kutokea. Wafanyakazi walioachishwa kazi walikuwa wamefungua kesi, na wakurugenzi, kwa ushauri wa mawakili, hawakutenga hata shilingi. Ushauri huo ni makadirio tu, na anayewalipa mawakili ni kampuni yenyewe.

Mweka hazina alikuna kichwa. "Sasa tumuulize nani?"

Tulimwandikia katibu wa kampuni swali moja: benki ilitoa msamaha wa maandishi kwa kuvunjwa ahadi hiyo kabla au baada ya Desemba 31? Ukitolewa baada ya siku ya kufunga hesabu, deni lote hubaki la muda mfupi hata kama benki imekubali kusubiri.